Shilingi 10,000 za pensheni, ushuru ukatwe lini?

Kila mwaka kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa skimu yetu ya pensheni hapa Nairobi, kuna mtu husimama na kuuliza swali lile lile. Kwa nini nisilipe ushuru leo, pesa ikiwa bado kidogo, nikamalizana na serikali? Kwa nini ningoje mpaka iwe rundo kubwa, halafu ndipo nikatwe asilimia 30 ya rundo lote? Nimekaa upande wa wadhamini kwa muda, na naona swali hili linastahili jibu la hesabu, kwa sababu jibu linalotujia haraka kichwani silo.

Pesa ya pensheni hupita hatua tatu. Inaingia, yaani inatoka kwenye mshahara wako kwenda kwenye skimu. Inakua, yaani skimu inaiwekeza kwenye hati za serikali, hisa na majumba, nayo inazaa. Kisha inatoka, unapostaafu na kuanza kuila. Serikali inaweza kusimama kwenye hatua yoyote kati ya hizo na kudai ushuru wake, na hapo ndipo mifumo mitatu ya msingi inapozaliwa. Ziko nchi zinazochanganya hatua mbili au hata zote tatu, lakini ukiielewa kila moja peke yake, michanganyiko hiyo haitakusumbua.

Tuchukue mfanyakazi wa Industrial Area anayelipwa shilingi 90,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya PAYE vinavyotumika tangu Julai 2023, kila shilingi ya mshahara inayozidi 32,333 kwa mwezi hutozwa asilimia 30, na kiwango hicho hakibadiliki mpaka mshahara ufike 500,000. Kwa hiyo shilingi 10,000 za juu kwenye mshahara wake ziko kwenye asilimia 30. Anataka kuziweka pensheni mara moja tu na kuziacha miaka 20. Tuseme zinazaa asilimia 10 kwa mwaka. Kiwango hicho nimekichagua ili hesabu iwe nyepesi, wala si ahadi ya skimu yoyote.

Ushuru ukikatwa wakati wa kuingia, serikali inachukua 3,000 papo hapo, na 7,000 ndizo zinazoingia. Zikikua kwa asilimia 10 kila mwaka bila kuguswa, baada ya miaka 20 zinakuwa kama 47,090. Anazitoa zote, hakuna anayemdai tena.

Ushuru ukikatwa wakati wa kutoka, 10,000 zote zinaingia. Baada ya miaka 20 zimekuwa kama 67,270. Siku ya kuzitoa serikali inachukua asilimia 30, yaani kama 20,180, na anabaki na 47,090.

Ni jibu moja, kwa shilingi ile ile. Hapa ndipo watu mkutanoni hunyanyua vichwa, maana 20,180 inaonekana kubwa mno kando ya 3,000. Lakini hebu itazame kwa jicho la ubia. Katika mfumo wa kutoka, zile 10,000 zilipoingia hazikuwa zako zote. 7,000 zilikuwa zako, na 3,000 zilikuwa za serikali, ambayo imekubali kuziacha ndani ya skimu zikue pamoja na zako. Baada ya miaka 20 kila mbia anachukua fungu lake likiwa limekua kwa kasi ile ile. Zile 20,180 ni 3,000 za serikali zilizozaa. Hujaporwa chochote cha ziada, na hujapewa zawadi pia. Nafuu unayoiona kwenye hati ya mshahara unapoanza kuchangia ni deni lililosogezwa mbele.

Zawadi ya kweli, katika mifumo yote miwili, ni kwamba ukuaji haukuguswa. Hilo linaonekana wazi tukigeukia mfumo wa tatu.

Ushuru ukikatwa wakati wa kukua, 10,000 zinaingia nzima, na siku ya kutoka hakuna makato. Kinachotozwa ni faida tu, mwaka baada ya mwaka, kwa asilimia 30 ile ile. Kwa sikio unasikia kama mfumo mpole kuliko yote, kwa sababu mtaji haujaguswa hata siku moja. Mwaka wa kwanza pesa inazaa 1,000, serikali inachukua 300, zinabaki 10,700. Mwaka wa pili zinazaa 1,070, kunakatwa 321. Kwa maneno mengine, pesa inakua kwa asilimia 7 badala ya 10. Baada ya miaka 20 zinakuwa kama 38,700. Mfanyakazi wetu amepoteza zaidi ya shilingi 8,000 ukilinganisha na mifumo miwili ya kwanza, ingawa kiwango cha ushuru ni kile kile na mtaji wake haukutozwa.

Sababu yake imo katika zile 300 za mwaka wa kwanza. Zingebaki ndani ya skimu, zingekuwa na miaka 19 ya kuzaa, na kufikia mwaka wa 20 zingekuwa zaidi ya 1,800. Serikali ilichukua 300, lakini mstaafu alipoteza 1,800. Mwaka wa pili ikachukua 321, ambazo nazo zilikuwa na miaka 18 mbele yake. Kila kato dogo la mwanzoni linang'oa mche uliokuwa na muda mrefu wa kuzaa.

Kwa hiyo mfumo huu huumiza kulingana na muda. Pesa ikikaa miaka 10 tu, anayetozwa kwenye ukuaji anaondoka na kama 19,670, na anayetozwa wakati wa kutoka anapata kama 18,160. Hapo mfumo wa ukuaji ndio mwema zaidi. Karibu na mwaka wa 13 wanalingana. Baada ya hapo pengo linafunguka: kwenye mwaka wa 30 mmoja ana kama 76,100 na mwenzake ana 122,100. Ona nani anaumia. Kijana wa miaka 28 aliyeanza kuchangia mapema ndiye anayebeba mzigo mkubwa, na mtu wa miaka 52 aliyekumbuka uzee ukiwa umeshabisha hodi anapata afueni. Kwa pensheni, ambayo kazi yake yote ni kumfanya mtu aanze mapema, naona huo ni mpangilio uliogeuzwa kichwa chini.

Kuna jambo la pili linaloufanya mfumo wa ukuaji kuwa mkali, nalo ni mfumuko wa bei. Tuseme bei za vitu zinapanda kwa asilimia 6 kwa mwaka. Pesa iliyozaa asilimia 10 imekuongezea uwezo wa kununua kwa kama asilimia 4 tu, maana sita nyingine zimekwenda kufukuzana na bei ya unga na nauli. Lakini mtoza ushuru hazioni hizo sita. Anatoza asilimia 30 ya kumi zote, yaani tatu. Katika zile nne za kweli, umebakiwa na moja. Kiwango kilichoandikwa ni asilimia 30, lakini kati ya faida yako ya kweli umekatwa asilimia 75. Mwaka ambao bei zinapanda kuliko riba, unatozwa ushuru juu ya hasara.

Afrika Kusini iliujaribu mfumo huu. Mwaka 1996 serikali ilianza kutoza mifuko ya pensheni asilimia 17 ya mapato yao ya riba na ya kodi za majengo. Mwaka 1998 kiwango kikapandishwa hadi 25. Kisha kikaanza kushuka, 18 mwaka 2003, 9 mwaka 2006, na tarehe 1 Machi 2007 ushuru huo ukafutwa. Denmaki bado inatoza ukuaji wa pensheni, lakini kwa asilimia 15.3, chini sana ya viwango vyao vya mishahara, na hata hivyo mstaafu hutozwa tena anapotoa.

Kwa nini basi serikali yoyote iupende? Kwa sababu unaleta pesa kila mwaka. Mfumo wa kutoka unaidai hazina ya serikali subira ya miaka 20 au 30, na si serikali nyingi zenye subira hiyo. Australia mwaka 1988, Paul Keating akiwa waziri wa fedha, iliamua kuanza kutoza asilimia 15 pale michango ya mwajiri inapoingia na asilimia 15 kwenye ukuaji, na kulegeza ushuru wa kutoka. Sehemu ya pesa ambayo serikali ingeipokea miaka mingi baadaye ikavutwa mbele.

Turudi Nairobi, maana mpaka sasa nimefanya kana kwamba kila mtu hutozwa asilimia 30 maisha yake yote. Usawa ule wa 47,090 kwa 47,090 unasimama kwa sharti moja: kiwango cha siku ya kuingia kiwe sawa na kiwango cha siku ya kutoka. Kikitofautiana, mizani inalala upande mmoja.

Mfanyakazi wetu wa 90,000 hatakuwa na mapato ya 90,000 akistaafu. Tuseme mapato yake ya uzeeni yatakuwa madogo, yenye kutozwa asilimia 10. Katika mfumo wa kutoka amesamehewa 30 akiingia na kutozwa 10 akitoka, hivyo anabaki na kama 60,500. Katika mfumo wa kuingia anabaki na 47,090 zake zile zile. Kwa mwenye mshahara mzuri leo, kungoja ndiko kunakolipa, na kunalipa zaidi kadiri mshahara wake ulivyo mkubwa.

Sasa mfikirie fundi wa Kamukunji anayefua masanduku ya bati, ambaye mapato yake hayafiki 24,000 kwa mwezi. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, na nafuu ya kibinafsi ambayo kila mlipa ushuru hupewa kwa mwezi ni 2,400. Kwa hiyo ushuru wake wa mapato ni sufuri. Ukimwambia kwamba mchango wake wa pensheni hautatozwa anapouingiza, hujampa kitu, maana hata asipochangia hatozwi. Kwake mfumo wa kuingia ndio bora: alipe sufuri yake leo, afunge hesabu. Mfumo wa kutoka ungeweza tu kumletea ushuru ambao hakuwa nao.

Na fundi huyo akipanuka, mauzo yake yakapita shilingi milioni moja kwa mwaka, anaingia kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Huu hutozwa juu ya mauzo yote kabla ya gharama, na hauruhusu kupunguza chochote, mchango wa pensheni ukiwemo. Tuseme anauza 100,000 kwa mwezi na faida yake ni 25,000. Analipa 3,000, ambazo ni asilimia 12 ya faida. Akichukua 2,000 akaziweka kwenye skimu kama Mpango wa Pensheni wa Mbao, ulioanzishwa kwa ajili ya watu wa jua kali wachangie hata shilingi 20 kwa siku, anaweka pesa iliyokwisha kutozwa. Hakuna sheria inayosema hivyo kwa maneno, lakini fundi huyu yuko kwenye mfumo wa kuingia, huku mfanyakazi wa Industrial Area akiwa kwenye skimu zinazosimamiwa na mamlaka ile ile na amesamehewa mlangoni. Hili linanikera, kwa sababu tunapotangaza nafuu ya ushuru kwenye pensheni tunazungumza kana kwamba inawafikia wote wawili.

Kenya yenyewe inasimama wapi? Kwa miaka mingi tulikuwa na mfumo wa kutoka, uliolegezwa. Mchango ulisamehewa hadi shilingi 20,000 kwa mwezi. Ukuaji ndani ya skimu iliyosajiliwa haukutozwa. Siku ya kutoka, shilingi 600,000 za kwanza za malipo ya mkupuo zilisamehewa kwa aliyetimiza miaka kumi ya utumishi, 25,000 za kwanza za pensheni ya kila mwezi zilisamehewa, na aliyefika miaka 65 hakutozwa pensheni yake kabisa. Kilichozidi hapo kilitozwa.

Kisha ikaja sheria ya marekebisho ya ushuru iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024. Kiwango cha mchango unaosamehewa kilipandishwa hadi 30,000 kwa mwezi, na malipo ya pensheni kutoka skimu zilizosajiliwa yakasamehewa kabisa kwa anayestaafu akiwa ametimiza umri uliowekwa na kanuni za skimu, anayestaafu kwa sababu ya afya, au anayetoa baada ya miaka 20 ya uanachama. Kwa watu hao hakuna tena ushuru wa kuingia, wa kukua wala wa kutoka. Mfanyakazi wetu anaondoka na 67,270 zote. Yule mbia tuliyemwona mwanzoni, mwenye 3,000 zake ndani ya skimu, amemwachia fungu lake lililozaa.

Linganisha na mwenzake wa mezani ambaye hakutaka skimu, akachukua pesa mkononi na kuiweka kwenye mani maketi. Zile 10,000 zimeshatozwa PAYE, zimebaki 7,000. Riba yake inakatwa asilimia 15 kabla haijamfikia, hivyo asilimia 10 inakuwa 8.5. Baada ya miaka 20 ana kama 35,800. Ametozwa kuingia na kukua, na bila kujua amejitengenezea mfumo mkali kuliko yote tuliyopitia hapa. Anachopata badala yake ni kwamba pesa hiyo anaweza kuitoa Jumatatu akiwa na karo ya kulipa, na kwa familia nyingi za Nairobi hilo si jambo dogo.

Maana mlango wa skimu hufunguka kwa masharti. Anayeacha kazi na kutoa fungu lake kabla ya umri wa kustaafu na kabla ya miaka 20 haumfikii msamaha huu mpya, na anaweza kukutana na ushuru. Kwa mfanyakazi aliyesamehewa 30 akiingia, ni haki: analipa deni lililosogezwa. Kwa fundi ambaye hakupata nafuu yoyote mlangoni, akikatwa wakati wa kutoa mapema, shilingi ile ile imetozwa mara mbili. Kama mapato yako ni madogo au yako kwenye ushuru wa mauzo, liulize skimu swali hilo mahususi kabla ya kuweka saini: nikitoa mwaka wa nane, mtakata nini?

Na aliyeajiriwa asidhani amesamehewa, bali ahakikishe. Nimeona mishahara ambayo mchango wa skimu ulikatwa baada ya PAYE kukokotolewa badala ya kabla. Mfanyakazi huyo amerudishwa kwenye mfumo wa kuingia na hajui. Dalili iko kwenye hati ya mshahara: chukua mshahara wote, toa NSSF, SHIF na makato ya nyumba, toa mchango wako wa skimu, kisha utazame kama mapato yanayotozwa yameshuka kwa kiasi hicho. Yakiwa hayajashuka kwa kiasi cha mchango, kuna kosa. Usichanganyikiwe na makato ya SHIF na ya nyumba. Hayo hukokotolewa juu ya mshahara wote, kwa hiyo mchango wa pensheni hauyapunguzi hata pale kila kitu kiko sawa.

Uthibitisho wa mwisho ni fomu ya P9 ambayo mwajiri hukupa baada ya mwaka kuisha. Ndani yake kuna safu tatu, E1, E2 na E3. E1 ni asilimia 30 ya mshahara wako, E2 ni ulichochangia kweli, E3 ni kiwango cha juu cha sheria. Kinachosamehewa ni kilicho kidogo kati ya vitatu. Kwa mfanyakazi wetu, kwa viwango vya NSSF vilivyotumika kuanzia Februari 2025, E1 ni 27,000, E2 ni 14,320, yaani 4,320 za NSSF na 10,000 za skimu, na E3 ni 30,000. Amesamehewa 14,320 zote. Akiamua kuchangia jumla ya 30,000, zitakazosamehewa ni 27,000, na zile 3,000 zinazobaki zitaingia zikiwa zimetozwa. Kama E2 inaonyesha NSSF peke yake ilhali unachangia skimu, mwone anayeandaa mishahara. Na kama mwaka umeshapita, mchango huo bado unaweza kudaiwa kwenye ritani ya iTax, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni.